Mtoto anatapika? Kabla ya kupewa ondansetroni, taja dawa zote alizokunywa

Mtoto akitapika usiku kucha, mzazi anataka kitu kimoja tu: atulie. Siku hizi kwenye zahanati nyingi na hata maduka ya dawa, kitu hicho ni ondansetroni. Kwenye boksi utaisoma Ondansetron, na wengine wanaifahamu kwa jina la biashara la Zofran. Ni kidonge kidogo au sindano, na mara nyingi ndani ya saa moja mtoto ameacha kutapika na ameanza kunywa maji.

Ni dawa nzuri, na makala haya hayakuandikwa ili uiogope. Lakini ina tabia moja ambayo wazazi wachache wameelezwa: inagusa umeme wa moyo. Ikipewa peke yake kwa mtoto ambaye moyo wake ni mzima, mguso huo ni mdogo mno. Ikikutana na dawa nyingine zenye tabia hiyohiyo, kwa mtoto aliyeishiwa chumvi za mwili kwa kuharisha, hesabu inabadilika. Kwa wilaya kama Handeni na Korogwe, ambako homa, kutapika na malaria hukutana ndani ya mtoto mmoja katika siku moja, mkutano huo si jambo la kufikirika.

Moyo unavyojiandaa kwa pigo linalofuata

Kila pigo la moyo linaanzishwa na umeme. Chembechembe za moyo zinafungua milango, chumvi ya sodiamu inaingia, na moyo unajikunja kusukuma damu. Kabla ya pigo linalofuata, chumvi nyingine, potasiamu, lazima itoke kupitia milango yake ndipo moyo urudi katika hali ya kupumzika.

Fikiria basi limesimama stendi ya Korogwe. Abiria wa safari iliyokwisha lazima washuke kwanza ndipo basi lianze safari nyingine. Ondansetroni ni kama mtu aliyesimama mlangoni akiziba nusu ya njia. Abiria bado wanashuka, ila polepole. Kwa kawaida dereva anasubiri na hakuna linaloharibika. Hatari ni pale dereva anapoondoa gari wakati watu bado wananing'inia mlangoni.

Muda huo wa kushusha abiria ndio wataalamu wanaupima kwenye mchoro wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Unaanzia kwenye herufi Q ya mchoro na kuishia kwenye herufi T, kwa hiyo unaitwa QT. Baada ya kurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, kwa watu wengi hauzidi milisekunde 450 au 460, yaani chini kidogo ya nusu sekunde. Ukifika 500, daktari anaanza kuhesabu dawa upya.

QT ikirefuka kupita kiasi, pigo moja la ziada linaweza kuingia kabla moyo haujawa tayari. Hapo umeme unaanza kuzunguka ovyo, na kwenye mchoro mistari inaonekana kama utepe unaosokotwa. Moyo unatetemeka badala ya kusukuma, damu haifiki kichwani, na mgonjwa anaanguka. Mara nyingi hali hiyo hujizima yenyewe ndani ya sekunde chache na mgonjwa anazinduka. Isipojizima, anaweza kufa.

Kiasi gani kina hatari?

Mwaka 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dozi moja kubwa ya ondansetroni, miligramu 32 kwa sindano ya mshipa, isitumike tena. Dozi hiyo ilikuwa inatumika kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya matibabu. Vipimo vilionyesha kwamba iliirefusha QT kwa milisekunde 20 hivi. Miligramu 8 kwa mshipa iliirefusha kwa milisekunde 6 hivi. Tangu hapo, dozi moja ya mshipa kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi miligramu 16.

Sasa linganisha na mtoto wako. Kwa mtoto anayetapika na kuharisha, dozi ya kumeza iliyozoeleka ni moja tu: miligramu 2 kwa mwenye kilo 8 hadi 15, miligramu 4 kwa mwenye kilo 15 hadi 30, na miligramu 8 kwa aliyezidi kilo 30. Watafiti walipokusanya ripoti za duniani za watu waliopata tatizo la mapigo ya moyo baada ya dawa hii, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, walipata ripoti 60. Nyingi zilifuata sindano ya mshipa, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa mwingine mzito au walikuwa wakitumia dawa nyingine inayorefusha QT. Hakuna hata ripoti moja iliyofuata dozi moja ya kumeza.

Kwa hiyo kidonge kimoja si adui. Tatizo liko kwenye mrundikano, na mrundikano mara nyingi unaanzia nyumbani kabla mtoto hajafikishwa zahanati.

Dawa ya malaria inayokaa wiki kadhaa

Watu wa Handeni na Korogwe wana sababu ya pekee ya kuijua piperakwini. Kati ya mwaka 2018 na 2019, wilaya hizi mbili zilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti mkubwa uitwao IMPROVE, uliofanyika pia Kenya na Malawi. Wajawazito 4,680 waliandikishwa. Kundi moja lilipewa SP, dawa ya kinga ya malaria iliyozoeleka kliniki. Kundi la pili lilipewa kila mwezi dawa mseto ya dihidroatemisinini na piperakwini. Kundi la tatu lilipewa hiyohiyo, pamoja na azithromaisini mwanzoni. Wanawake waliojulikana kuwa na maradhi ya moyo hawakuingizwa, kwa sababu piperakwini na azithromaisini zote zinagusa QT.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet. Dawa mpya ilipunguza malaria, lakini matatizo ya ujauzito kwa ujumla hayakupungua. Yalikuwa mengi kidogo kuliko kwa waliotumia SP. Kwa hiyo SP imeendelea kuwa dawa ya kinga kwa wajawazito. Sababu haikuwa moyo, na mama aliyeshiriki hana haja ya kuingiwa na hofu leo.

Ninautaja utafiti huo kwa sababu unaonyesha jinsi watafiti wanavyofanya kabla ya kutoa dawa ya aina hii: wanauliza kwanza kuhusu moyo. Nje ya utafiti, dawa mseto hiyohiyo inauzwa dukani kutibu malaria, kwa majina kama Duo-Cotecxin na D-Artepp, na huko si kila muuzaji anauliza.

Mambo mawili kuhusu piperakwini yanafaa kukaa kichwani. Kwanza, haitoki mwilini haraka. Dozi ni siku tatu, lakini inachukua wiki mbili hadi nne kiasi chake mwilini kupungua kwa nusu. Athari yake kwa QT hufika kilele saa chache baada ya dozi ya siku ya tatu, halafu inashuka. Pili, mafuta huifanya iingie kwenye damu kwa wingi zaidi. Ndiyo maana maelekezo yake ni kuimeza kwa maji, bila chakula, saa tatu kabla au baada ya kula. Hapa wazazi wengi huchanganya, kwa sababu ALU, dawa mseto ya kawaida ya malaria, ni kinyume chake: inatakiwa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili ifanye kazi. Athari ya ALU kwa QT ni ndogo mno.

Tusizidishe hofu hapa pia. Wataalamu walipopitia taarifa za watu karibu 200,000 waliotumia dawa mseto yenye piperakwini, walipata kifo kimoja tu cha ghafla ambacho huenda kilihusiana nayo. Ni dawa salama ikinywewa yenyewe na kwa usahihi. Ila haifai kuongezewa nyingine za aina yake bila mtu kujua.

Tuufuate mfano mmoja

Huyu ni mtoto wa kubuni, lakini kila hatua yake inaweza kutokea. Ana miaka minne na kilo 16, anaishi kijiji cha ndani kutoka Mkata, Handeni.

Jumatatu anapata homa. Baba anapita duka la dawa, anaeleza dalili, na anauziwa dawa mseto yenye piperakwini. Mtoto anameza dozi ya kwanza jioni hiyo. Jumanne ana kikohozi pia. Ndani kuna chupa ya erithromaisini iliyobaki kaka yake alipougua, na bibi anashauri apewe. Jumatano anaharisha mara sita na kutapika. Hali chochote, anakunywa maji matupu na chai ya rangi. Jioni anameza dozi ya tatu ya dawa ya malaria, na kwa kuwa amelegea anabembelezwa ale chapati mbili ili apate nguvu. Saa nne usiku anatapika mfululizo, na anakimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda.

Mhudumu anamwona mtoto aliyelegea, anayetapika. Anauliza, "Amekunywa dawa gani?" Mama anajibu, "Ya malaria." Mhudumu anaweza kudhani ni ALU. Anaandaa ondansetroni ya mshipa.

Hesabu ya mtoto huyu usiku huo iko hivi. Piperakwini iko karibu na kilele, na chapati zenye mafuta zimeisaidia kuingia. Erithromaisini inarefusha QT yenyewe, na zaidi ya hapo inalizuia ini lisivunje piperakwini kwa kasi yake ya kawaida. Kuharisha na kutapika vimetoa potasiamu na magnesiamu mwilini, chumvi zilezile ambazo milango ya moyo inazitegemea, na maji matupu hayakurudisha hata moja. Mlangoni pa basi tayari wamesimama wawili, na abiria hawana nguvu ya kusukuma. Sindano ya ondansetroni ikisukumwa haraka ndiye mtu wa tatu.

Je, mtoto huyu lazima apate tatizo? Hapana. Uwezekano mkubwa ni kwamba angepita salama. Lakini hatari aliyonayo si ile ya mtoto mwenye kidonge kimoja, na sehemu kubwa yake ingeondolewa kwa sentensi moja ya mama: "Amemaliza dawa hii leo jioni, na jana tulimpa hii," huku akiweka boksi na chupa mezani.

Mhudumu akijua hayo, ana njia kadhaa. Erithromaisini inasimamishwa, na kikohozi kinachunguzwa upya. ORS inaanza, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, kwa sababu watoto wengi wanaotapika huweza kubakiza maji yakiingia kidogokidogo. Akiona dawa ya kutapika bado inahitajika, anaweza kuchagua kidonge kimoja badala ya mshipa, au sindano itolewe polepole kwa dakika 15. Akiwa na shaka, au mtoto akiwa amelegea sana, anampa rufaa kwenda hospitali, Handeni mjini au Magunga pale Korogwe, akaangaliwe kwa karibu, apimwe chumvi za damu na umeme wa moyo panapowezekana.

Kwa nini ORS na si maji ya chumvi na sukari tu

Wengi wetu tumelelewa na mchanganyiko wa nyumbani wa sukari na chumvi. Unasaidia maji kuingia mwilini, lakini hauna potasiamu. Pakiti ya ORS ya lita moja ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu pamoja na chumvi ya kawaida, sukari ya glukosi na sitrati. Kwa mtoto anayeharisha huku akiwa na dawa inayogusa moyo, gramu hiyo moja na nusu ni kinga. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwa kuwa zipo za lita moja na zipo za ujazo mdogo. Madafu na ndizi mbivu vina potasiamu na vinafaa kumwongezea mtoto anayeweza kula, ila havichukui nafasi ya ORS.

ORS na vidonge vya zinki ndiyo tiba ya kuharisha. Ondansetroni haitibu kuharisha. Kazi yake ni kufungua njia ili ORS ibaki tumboni. Ndiyo maana dozi moja kwa kawaida inatosha. Kurudia kila akitapika hakuongezi faida kubwa, na kunaweza kuongeza kuharisha, yaani kupoteza potasiamu zaidi. Usinunue vidonge vya akiba kuendelea navyo nyumbani.

Dawa za kutaja kwa majina

Huhitaji kukariri orodha ndefu. Zinazokutwa zaidi kwenye nyumba zetu ni hizi. Za malaria ni zile zenye piperakwini, kwinini na klorokwini. Za kuua bakteria ni erithromaisini, azithromaisini na siprofloksasini, na levofloksasini au moksifloksasini kwa mwenye kifua kikuu sugu, ambaye mara nyingi anatumia pia bedakwilini. Ya fangasi ni flukonazoli. Za magonjwa ya akili ni haloperidoli na baadhi ya nyingine za kundi lake. Metadoni, inayotumika katika kliniki za waraibu, nayo imo. Dawa za kukojoza za wagonjwa wa moyo na presha, kama furosemidi, hazigusi milango yenyewe ila zinatoa potasiamu mwilini, kwa hiyo zitaje pia.

Usimwachishe mgonjwa dawa yoyote kati ya hizi kwa sababu umesoma makala haya. Wanaozitumia wana sababu ya kuzitumia, na kuikatiza dawa ya malaria au ya kifua kikuu kuna hatari kubwa na ya hakika zaidi. Unachotakiwa ni kuitaja kabla nyingine haijaongezwa.

Swali kuhusu ukoo

Kuna watoto wanaozaliwa na QT ndefu. Wanaonekana wazima kabisa, wanacheza na kusoma kama wenzao, mpaka siku dawa au mshtuko unapowafikisha ukingoni. Kwa hiyo, kabla ya ondansetroni, mweleze mhudumu kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, akiogelea au aliposhtuliwa na kelele. Mweleze kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, au aliyezama ilhali alijua kuogelea. Aina moja ya ugonjwa huu huja pamoja na uziwi wa kuzaliwa, kwa hiyo mtoto kiziwi anayezimia anahitaji ECG.

Kuna jambo linalowapoteza wengi hapa. Moyo ukiacha kusukuma, ubongo ukakosa damu, mtoto anaweza kukakamaa na kutikisika, na watu wote wakasema ni degedege. Degedege la homa kwa kawaida humpata mtoto mdogo mwenye joto kali, huchukua dakika kadhaa, na akitoka anabaki na usingizi mzito. Kuanguka kwa sababu ya moyo hutokea ghafla, mara nyingi bila joto. Mtoto hupauka, na akizinduka hurudiwa na fahamu upesi. Huwezi kuhakikisha tofauti hiyo nyumbani, na huna haja. Mtoto aliyeanguka, aliyezimia au anayesema moyo unamwenda mbio baada ya kupewa dawa apelekwe hospitali wakati huohuo, pamoja na maboksi, na neno "alizimia baada ya dawa" lisemwe mlangoni. Asiyepumua na asiyeitika akandamizwe kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, huku usafiri ukitafutwa.

Mhudumu akiona tatizo limehusiana na dawa, anajaza fomu ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba nchini. Mzazi ana haki ya kuuliza kama imejazwa.

Jambo la mwisho ni dogo. Geuza kadi ya kliniki ya mtoto, na nyuma yake andika jina la kila dawa anayopewa, tarehe na saa ya dozi ya mwisho, hata zile za dukani na zile zilizobaki kwa kaka yake. Kama kuandika ni taabu, piga picha maboksi kwa simu. Usiku wa saa nne, ukiwa umeshuka kwenye bodaboda na mtoto begani, hutakumbuka majina hayo.